Testa imelia, lakini swali lako bado halijajibiwa

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nakaa Isevya hapa Tabora, naoa mwezi wa kumi na mbili. Kuna ndugu yetu wa Ujiji amerudi kutoka Dubai na pete ya almasi ya karati moja, anataka milioni nne na nusu. Sonara wa sokoni aliigusisha testa ikalia, akasema ni almasi kweli. Mwenzangu kazini ananiambia siku hizi kuna almasi za maabara na bei yake ni ya kutupa. Karatasi anayo mwenye pete, sijaisoma bado. Nitajuaje ni ipi, na bei hiyo ni ya haki?"

Marahaba mwanangu, na hongera. Sonara wako hakukudanganya, na mwenzako naye hakukudanganya. Jiwe hilo linaweza kuwa almasi kweli kabisa na bado likawa limetoka maabara, kwa sababu almasi ya maabara si bandia. Almasi ni kaboni iliyojipanga kwa mpangilio mmoja maalumu, basi. Iwe imepikwa na ardhi au na mashine, mpangilio ni ule ule, ugumu ni ule ule, na mng'ao ni ule ule. Bandia ni kitu kingine kinachofanana nayo kwa macho, kama zirkonia au moisanaiti.

Testa imetengenezwa ili kutenga almasi na hizo bandia, ikaishia hapo. Ile ncha yake ya shaba hupashwa moto kidogo, kisha chombo kinapima joto linavutwa kwa kasi gani ncha inapogusa jiwe. Almasi hupitisha joto karibu mara tano kuliko shaba yenyewe, kwa hiyo ncha inapoa ghafla na chombo kinalia. Kioo na zirkonia haviwezi kuvuta joto namna hiyo. Almasi ya maabara inaweza, maana ni almasi. Na moisanaiti nayo inakaribia, ndiyo maana testa za zamani zilikuwa zinalia hata kwa moisanaiti, na watu wengi wakalizwa. Testa za siku hizi zinapima umeme pia, kwa sababu moisanaiti kwa kawaida hupitisha umeme na almasi nyingi hazipitishi. Nasema nyingi, si zote: baadhi ya almasi za maabara zina boroni ndani yake na hupitisha umeme, na nimewahi kuona testa ikiandika moisanaiti juu ya jiwe ambalo lilikuwa almasi.

Yale majaribio mengine utakayoambiwa mtaani, la kupulizia pumzi uone kama ukungu unatoka haraka, la kulaza jiwe juu ya gazeti uone kama maandishi yanasomeka, la kukwaruza kioo, yote ni ya kutafuta bandia. Almasi ya maabara itayashinda yote. Hilo la kukwaruza kioo nakuomba usilifanye kabisa. Almasi ni ngumu lakini ina njia zake za kupasukia, na jiwe likishapata ufa pembeni hakuna wa kukurudishia.

Sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye namna jiwe lilivyokua, na jiwe hutunza alama za makuzi yake.

Almasi ya asili ilikua kwenye kina cha kilomita 150 na zaidi chini ya ardhi, na nyingi zina umri unaozidi miaka bilioni moja. Zilipandishwa juu na miamba ya kimbalaiti, kama bomba lile la Mwadui, kule mkoani Shinyanga, alikolikuta mjiolojia Williamson mwaka 1940. Wakati jiwe linakua, chembe za naitrojeni huingia humo zikanaswa moja moja. Halafu linakaa kwenye joto kwa muda ambao akili yetu haiwezi kuushika, na chembe zile huanza kusogea polepole zikakutana, mbilimbili, kisha tatu, kisha nne.

Wewe umepanda treni ya Kigoma, utanielewa. Watu wanapopandia Tabora kila mmoja anakaa na mzigo wake, anatazama dirishani. Mkifika Uvinza tayari wamejikusanya, huku wanakula muhogo pamoja, kule wanapiga soga, na ukitazama behewa tu unajua hawa wamesafiri mbali. Naitrojeni ya almasi ya asili ni abiria wa Uvinza. Ya maabara ilishukia Usoke, haikupata muda wa kukutana na mtu.

Maabara hukuza almasi kwa njia mbili, na herufi zake utazikuta kwenye karatasi. Ya kwanza ni HPHT: kaboni inayeyushwa ndani ya chuma, nikeli au kobalti kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,300 na mgandamizo wa kutisha, ikaanza kujijenga juu ya punje ndogo ya almasi. Ya pili ni CVD: kwenye chombo kilichoondolewa hewa huingizwa gesi ya methani na haidrojeni, zikachemshwa kwa mawimbi mpaka kaboni inadondoka tabaka kwa tabaka juu ya kipande chembamba cha almasi. Njia zote mbili jiwe la karati moja hutoka baada ya wiki chache tu. Mafundi huzuia naitrojeni isiingie ili jiwe lisiwe la njano, na hata ikiingia kidogo, wiki chache hazitoshi kuifanya ijikusanye.

Kwa hiyo mashine nzuri za kupambanua hazipimi joto, zinatafuta zile kambi za naitrojeni. Kuna moja ya mezani inayoitwa GIA iD100. Unaelekeza ncha yake kwenye jiwe, hata kama limefungwa kwenye pete, na baada ya sekunde kadhaa kioo chake kinaandika `Pass` au `Refer`. Kwa almasi isiyo na rangi, `Pass` maana yake mashine imeona alama za jiwe la asili. `Refer` haimaanishi ni la maabara. Maana yake haijaona alama hizo, lipelekwe kwenye vipimo vikubwa. Karibu mawe mawili katika kila mia ya asili hayana naitrojeni ya kuonekana, na kati ya hayo yamo mawe makubwa yenye sifa duniani, kama Kulinani ya Afrika Kusini. Mtu akikuonyesha `Refer` akakwambia "umeona, ya maabara", bado hajathibitisha kitu.

Mashine hiyo hapa Tabora sijaikuta kwa sonara yeyote, na simlaumu mtu, maana bei yake inanunua bajaji. Lakini kuna mambo yanayoweza kuonekana kwa vyombo vya kawaida, nami nikusimulie jiwe moja lilivyojieleza mezani kwangu.

Alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa Kaliua. Kijana wake alimletea pete kutoka nje, jino moja la pete likakatika, jiwe likadondoka akaliokota kwenye sakafu. Alikuja kwa ajili ya jino tu. Karatasi hakuwa nayo. Kwa kuwa jiwe lilikuwa huru nikaona nitumie nafasi hiyo, maana jiwe lililofungwa huficha mengi.

Nililipima uzito, karati 1.02, yaani kama gramu 0.2, na upana wake milimita sita na nusu. Hapo tu zirkonia ilikuwa imeshatoka, kwa sababu zirkonia ya upana huo huo ingepita karati moja na nusu. Ni nzito mno kuliko almasi. Nikalitazama kwa lenzi ya mara kumi nikiinamisha jiwe upande. Kwenye moisanaiti, ukitazama hivyo, kona za chini za mkato huonekana mbilimbili kama mtu mwenye kizunguzungu anavyoona nguzo. Hapa kila kona ilikuwa moja. Almasi, basi.

Lakini karibu na ukingo, chini ya uso wa juu, palikuwa na vijiti viwili vyeusi, vifupi kama ncha ya sindano. Weusi ndani ya almasi si ajabu, almasi za asili nazo huwa na madoa meusi. Nilichofanya ni kuzungusha taa. Vijiti vile vilipopata mwanga wa pembeni vikang'aa kama kipande cha bati jipya. Huo ni mng'ao wa metali, na metali ndani ya almasi isiyo na rangi inanipeleka kwenye HPHT, kwa sababu kule jiwe linakulia ndani ya chuma kilichoyeyuka na mara nyingine linameza matone yake.

Nikachukua bakuli la maji, nikaelesha kipande cha lile povu jeupe linalofungia redio mpya, nikaweka jiwe juu yake. Nina sumaku kali niliyoitoa kwenye diski ya kompyuta mbovu. Niliisogeza mpaka ikabaki nafasi ya kidole kimoja, bila kugusa. Povu lilitulia kidogo, kisha likageuka, likaanza kuifuata sumaku taratibu kama bata anayefuata mkate. Mama wa watu akacheka. Nikaondoa jiwe nikajaribu povu tupu, halikusogea. Jaribio bila hiyo hatua ya pili halina maana, kwa sababu pumzi yako tu inaweza kusukuma povu.

Mwisho tukafunga madirisha. Nina taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, ambayo huitazami kwa macho matupu, lazima miwani. Nikaliweka jiwe la mama pembeni ya kijiwe changu cha asili ninachokijua, nikawasha sekunde chache, nikazima. Changu kikapotea gizani papo hapo. Lake likabaki linawaka rangi ya bluu hafifu, peke yake, mpaka nikahesabu arobaini. Kuendelea kuwaka baada ya taa kuzimwa ni tabia ya almasi nyingi za HPHT zisizo na rangi, na kwa za asili zisizo na rangi ni nadra sana.

Alama tatu, kila moja kwa njia yake, zikasema jambo moja. Nikamwambia. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mwanangu ameibiwa?" Nikamjibu kwamba jiwe haliwezi kulijibu hilo, risiti ndiyo inayoweza. Risiti ilipokuja ilionyesha bei ya almasi ya asili.

Usije ukaenda kutafuta sumaku ukadhani umepata dawa, mwalimu. Lile jiwe lilikuwa na uchafu mkubwa wa metali, ndiyo maana likavutwa. HPHT iliyo safi haisogei. Na CVD, ambayo ndiyo imejaa sana sokoni kwenye mawe ya karati moja na kuendelea, haikui ndani ya chuma, kwa hiyo haina metali ya kung'aa wala ya kuvutwa, na nyingi haziendelei kuwaka gizani. Jiwe safi la CVD mimi na lenzi yangu hatuliwezi. Hilo linahitaji mashine inayopiga picha kwa mionzi mikali ya urujuanimno: almasi ya asili huonyesha duara ndani ya duara kama gogo lililokatwa, HPHT huonyesha umbo kama la msalaba, na CVD huonyesha mistari ya tabaka. Yeyote anayekwambia anaitambua CVD kwa macho, mpe chai umuage.

Na yule atakayekuapia kwamba jiwe lake ni "la Mwadui kabisa" usimsikilize pia. Hakuna anayeweza kutazama almasi iliyokatwa akataja mgodi wake.

Turudi kwa pete yako. Karatasi ndiyo ya kuanza nayo, isome kabla ya kitu kingine chochote. IGI na GIA ni taasisi zinazopima almasi na kutoa ripoti. Ikiwa ni ya IGI na namba yake inaanza na herufi LG, mjadala umekwisha, ni ya maabara, na huenda mwenye pete mwenyewe hajui. Ikiwa ni ya GIA, tazama kichwa cha karatasi; ya jiwe la maabara huandikwa waziwazi `Laboratory-Grown`. Kisha ingia gia.edu au igi.org, mahali pa kuhakiki ripoti, uandike namba. Yale yatakayotokea kwenye kioo ndiyo ya kuamini, si yaliyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu karatasi inachapwa popote.

Halafu jiwe lenyewe. Kwenye ule ukanda mwembamba unaogawa sehemu ya juu na ya chini, mawe mengi yenye karatasi huchongwa namba kwa leza. Huioni kwa macho, sonara wako ataiona kwa lenzi ya mara kumi akiwa na subira na jiwe likiwa limesafishwa kwa maji ya sabuni na mswaki laini. Namba ilingane na ya karatasi. Ukiona neno `LABGROWN` hapo, umeshapata jibu.

Lakini namba pia huchongwa na matapeli, na hapa nalipa ada ya ujinga wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jiwe lenye namba iliyolingana na karatasi ya jiwe la asili, uzito ukalingana mpaka nukta ya pili. Nikaridhika. Karatasi ilisema kwenye mstari wa `Fluorescence` kwamba jiwe linawaka bluu kwa nguvu chini ya urujuanimno. Mstari huo sikuujali. Baada ya wiki mbili nikiwa nakagua kitu kingine nikalipitisha jiwe chini ya taa, likabaki jeusi kama kaa la jana. Lilikuwa jiwe jingine lililochongewa namba ya mwenzake. Aliyeniuzia alikuwa ameshahama.

Kwa hiyo ufanye kile ambacho mimi sikukifanya. Soma mstari huo wa `Fluorescence`, kisha weka pete gizani chini ya taa ya kukagulia noti, ile wanayotumia madukani na kwa mawakala. Karatasi ikisema `None`, jiwe lisiwake. Ikisema `Strong Blue`, liwake bluu bila ubishi. Kuwaka peke yake hakuthibitishi asili wala maabara, lakini jiwe lisilofanana na karatasi yake umeshalikamata. Mwombe sonara apime pia upana kwa kalipa na alinganishe na milimita zilizoandikwa. Jiwe la mviringo la karati moja huwa na upana wa karibu milimita 6.5, likiwa na 6.1 na karatasi inasema 6.5, funga mazungumzo.

Ukikosa karatasi kabisa, au ikiwa na walakini, njia iliyobaki ni Kituo cha Jemolojia Tanzania kule Arusha. Uliza kwa simu kwanza kama wanaipima ikiwa kwenye pete au wanataka jiwe lifunguliwe, na nauli ya kwenda huko mgawane na muuzaji. Akiwa na hakika na jiwe lake hatakataa.

Sasa bei. Nitahesabu dola moja kwa shilingi 2,600 ili hesabu iwe nyepesi, wewe utarekebisha kwa kiwango cha siku.

Almasi ya asili ya mviringo, karati moja, rangi nzuri na isiyo na doa la kuonekana kwa macho, kwenye maduka ya mtandaoni inauzwa kati ya dola 4,000 na 5,500, yaani kuanzia kama milioni 10.4 mpaka 14.3. Jiwe la maabara la sifa hizo hizo linapatikana kwa dola 500 mpaka 1,000, yaani milioni 1.3 mpaka 2.6, na wapo wanaouza chini ya hapo. Miaka kumi iliyopita haikuwa hivyo. Mwaka 2016 hivi almasi ya maabara ilikuwa chini ya ya asili kwa asilimia kumi mpaka ishirini tu. Kisha mashine zikaongezeka India na China, na kwa kuwa hakuna mgodi wa kuisha, kila mashine mpya ilisukuma bei chini. Kampuni ya De Beers ilianza kuuza zake mwaka 2018 kwa dola 800 kwa karati, bei iliyowashtua wengine wote wakati huo. Mwaka 2025 ikatangaza kuifunga biashara hiyo. Mawe ya asili nayo yameshuka tangu mwaka 2022, ila si kwa kiasi hicho.

Pete yenyewe ina dhahabu pia. Tuseme ina gramu tatu na nusu za dhahabu ya karati 18. Usichanganye: karati ya dhahabu ni usafi, karati ya almasi ni uzito. Karati 18 maana yake robo tatu ni dhahabu tupu, yaani gramu 2.6. Ukiweka dola 100 kwa gramu, ingawa huenda leo ni zaidi, unapata kama shilingi 676,000.

Tazama sasa milioni nne na nusu imesimama wapi. Ikiwa jiwe ni la maabara, pete mpya dukani, jiwe, dhahabu na ufundi, isingezidi sana milioni tatu na nusu, na hii yako imeshatoka dukani. Ungekuwa unalipa iliyotumika kuliko mpya. Ikiwa jiwe ni la asili, mpya ingeanzia milioni kumi na moja, na hapo mwenzako angekwambia bei ni ndogo mno, ujue umetapeliwa. Lakini si lazima. Mtu binafsi anayeuza almasi ya asili iliyokwisha kununuliwa kwa kawaida hupata theluthi mpaka nusu ya bei ya dukani, kwa hiyo milioni nne na nusu kwa pete ya asili ni bei ambayo ndugu mwenye shida ya fedha anaweza kuitaja kwa nia njema kabisa. Bei yake peke yake haikuambii chochote, imekaa katikati. Ndiyo maana nimekuzungusha kwenye karatasi na taa kabla ya kufika kwenye fedha.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Namba ikithibitika ni ya asili na jiwe likalingana na kila mstari, milioni nne na nusu ningelipa, na ningejaribu nne kwanza. Ikithibitika ni ya maabara, ningempa thamani ya dhahabu na nusu ya ile bei ya chini ya jiwe la maabara, inakuja kama milioni moja na laki tatu, na kwa ajili ya undugu ningefika moja na nusu. Asipotaka, agiza pete mpya ya maabara ukijua ni ya maabara. Sioni aibu yoyote kwa mwalimu kumvisha mchumba jiwe la maabara, litang'aa ukumbini kama lile lingine na halitakwaruzika. Ila usiliweke kwenye hesabu ya akiba. Wanunuzi wengi wa mawe hawalichukui tena kwa bei yoyote, na siku ya shida sonara atakupimia dhahabu, jiwe akurudishie kwenye kikaratasi.

Mkikubaliana, mlipane kwenye meza ya sonara, pete ikiwa imeshapitishwa chini ya lenzi na taa siku hiyo hiyo, si wiki iliyopita, maana mawe hubadilishwa. Na kwenye hati ya mauziano muuzaji aandike kwa mkono wake maneno matatu, "almasi ya asili" au "almasi ya maabara", pamoja na namba ya ripoti, saini na shahidi. Nimeona wauzaji waliozungumza kwa ufasaha saa nzima, kalamu ilipowekwa mezani wakakumbuka kwamba basi la Kigoma linaondoka.